Ukipandisha sigma, panua na kerneli

Niliwahi kupoteza mchana mzima nikilainisha picha kwa kichujio cha Gauss, nikipandisha sigma huku picha imenigomea. Nilikuwa na karatasi ya grafu iliyoskaniwa, imejaa chenga, na programu yangu ilitakiwa kutambua kila mstari wake ulipo. Nikaweka sigma 2, chenga zikapungua kidogo. Nikaweka 3, kisha 5. Picha ile ile. Nikaanza kushuku maktaba ninayoitumia, kumbe kosa lilikuwa mstari mmoja wa kodi ulio juu kwenye programu yangu: nilikuwa nimefunga upana wa kerneli kwenye pikseli 3 na kuusahau.

Kerneli ya Gauss ni orodha ya uzito wa kutafutia wastani wa pikseli na jirani zake. Pikseli ya katikati inapata uzito mkubwa, na jirani zake wanapata uzito unaoshuka kwa umbo la kengele. Sigma ndiyo inayosema kengele imetanuka kiasi gani. Upana wa kerneli unasema tu umeikata wapi. Kwa sigma 2, uzito wa katikati ni 1, wa jirani wa kwanza ni 0.88, wa pili 0.61, wa tatu 0.32, na unaendelea kushuka mpaka 0.01 kwenye jirani wa sita. Mimi nilichukua tatu za katikati tu, 0.88, 1 na 0.88. Ukizigawa kwa jumla yake unapata 0.32, 0.36 na 0.32, yaani karibu theluthi kwa kila mmoja. Hiyo si kengele tena. Ni kichujio cha boksi, kinachowapa wote uzito sawa, isipokuwa kimevaa jina la Gauss. Na ukipeleka sigma hadi 5 unazidi tu kuzisogeza zile theluthi zilingane. Boksi la upana 3 lina mtawanyiko, yaani kipimo kile kile cha sigma, wa takriban 0.82, na huo ndio ukomo: andika sigma 100 ukitaka, kulainisha halisi hakutavuka hapo.

Tangu siku hiyo siandiki upana kwa mkono. Nauacha utokane na sigma:

```python
import numpy as np

def kerneli(sigma):
    r = int(np.ceil(3 * sigma))
    x = np.arange(-r, r + 1)
    k = np.exp(-x**2 / (2 * sigma**2))
    return k / k.sum()
```

Mara tatu ya sigma kila upande inatosha kwa kazi nyingi, kwa sababu kinachobaki nje ni kidogo sana. Sigma 1 inatoa upana 7, sigma 2 inatoa 13. Upana unatoka namba witiri daima, kwa hiyo kuna pikseli ya katikati na picha haisogei. Ukitumia OpenCV, andika `cv2.GaussianBlur(img, (0, 0), 2)`. Zile sufuri mbili zinaiambia itafute upana yenyewe kutokana na sigma.

Angalia pia mstari wa mwisho wa kodi. Gawa kwa jumla ya uzito ulionao mkononi, usigawe kwa ile `sqrt(2*pi)*sigma` ya vitabuni. Ile inahesabu kengele nzima isiyo na mwisho, na wewe umekata mikia. Kwa kerneli yangu mbovu ya sigma 2 na upana 3, jumla ingekuwa 0.55 tu, na ukiipitisha kwa mlalo kisha kwa wima, picha inabaki na asilimia 30 ya mwanga wake. Picha ikitoka na giza baada ya kulainishwa, jumlisha uzito kabla hujagusa kitu kingine. (Kupitisha mlalo kisha wima, kwa njia, ndivyo inavyofanywa: kwa upana 13 unafanya kuzidisha 26 kwa kila pikseli badala ya 169, na jibu ni lile lile.)

Sasa tuje kwenye boksi lenyewe. Mwenzangu alinishauri: achana na kengele, tumia boksi la upana 7, ni jepesi na matokeo hayatofautiani. Kwa hesabu ya mtawanyiko hakukosea. Mtawanyiko wa boksi la upana n ni kipeo cha pili cha n, toa 1, gawa kwa 12, kisha chukua kipeuo. Kwa 7 unapata 48 gawa kwa 12, ambayo ni 4, na kipeuo chake ni 2. Sawasawa kabisa na sigma 2.

Nikajaribu. Programu ikaanza kuweka alama za mistari mahali pasipo na mistari, katikati ya nafasi zilizo wazi. Idadi ilikuwa sahihi, mahali pote si penyewe.

Chukua karatasi na kalamu utaona kwa nini. Tuseme rangi zimegeuzwa, mstari una thamani 100 na kwingine ni 0, na mistari inarudi kila baada ya pikseli 5, kama ilivyokuwa kwenye skani yangu. Simamisha boksi la 7 juu ya mstari. Linafika pikseli 3 kila upande, na jirani wa karibu yuko pikseli ya 5, kwa hiyo ndani kuna mstari mmoja tu: 100 gawa kwa 7 ni 14. Sasa sogea pikseli 2, kwenye eneo tupu. Boksi linaushika mstari wa nyuma, ulio umbali wa 2, na wa mbele, ulio umbali wa 3. Mistari miwili: 200 gawa kwa 7 ni 29. Eneo tupu limeng'aa kuliko mstari wenyewe! Thamani zinakwenda 14, 14, 29, 29, 14, na programu inayotafuta kilele inafuata ilichoonyeshwa.

Kerneli ya Gauss ya sigma 2 kwenye mistari hiyo hiyo inatoa 22, 21, 19, 19, 21. Mstari umefifia sana, lakini kilele kiko pale pale ulipo. Kengele hufifisha tu. Haipindui nyeusi kuwa nyeupe.

Bado 22 dhidi ya 19 ni tofauti ndogo, na hapo ndipo nilipoona kwamba sigma 2 yenyewe ilikuwa kubwa mno kwa kazi ile. Siku hizi napima kwanza umbali kati ya vitu ninavyotaka vibaki, niuite p. Ukali unaobaki baada ya kulainisha mistari ya mawimbi laini ni `exp(-2*pi**2*sigma**2/p**2)`. Sigma ikiwa sehemu ya kumi ya p, unabaki na asilimia 82. Ikiwa sehemu ya tano, asilimia 45. Ikifika 0.4 ya p, kama nilivyofanya mimi, inabaki asilimia 4. Kwa p ya 5 nikaishia kwenye sigma 1, upana 7: mistari ilibaki na karibu nusu ya ukali wake, na chenga, ambazo kila moja haina uhusiano na jirani yake, zikashuka hadi asilimia 28 ya zilivyokuwa.

Boksi sijalitupa. Nikitaka kasi kwenye picha kubwa nalipitisha mara mbili: boksi la 5, kisha la 5 tena. Mtawanyiko unafika 2 kamili, na uzito unakuwa 1, 2, 3, 4, 5, 4, 3, 2, 1 juu ya 25, pembetatu inayokaribia kengele na isiyopindua rangi popote. Ila kwenye grafu yangu usilitumie kutafuta mistari, maana dirisha la 5 juu ya mistari ya kila pikseli 5 hushika mstari mmoja popote lilipo, na picha nzima inatoka 20, 20, 20. Kazi yangu ilipogeuka baadaye, nikatakiwa kuifuta mistari ile ili ibaki michoro minene iliyochorwa juu yake, ni boksi hilo la 5 nililolirudia.