Rejesta ya chama kwenye PDF: majina yanabaki ukurasa wa kwanza, hesabu zinahamia wa tano

"Wakuu, naombeni msaada. Nina rejesta ya chama kwenye Excel, kolamu ni nyingi. Nikiitoa PDF napata kurasa 14, zingine tupu kabisa, na ukurasa wa pili haujulikani ni hesabu za nani. Nikibana iingie ukurasa mmoja, herufi zinakuwa kama mchanga. Mkutano ni Jumapili."

Dada, mimi ni katibu wa chama huku Umoja, na karatasi ya namna hiyo nimewahi kuigawa mkutanoni. Mama mmoja aliigeuza juu chini, akaniuliza, "Mwanangu, langu ni lipi hapa?"

Anza na kurasa tupu. Bonyeza Ctrl+End uone kasha linarukia wapi. Langu lilirukia Z212, kumbe kulikuwa na nukta niliyoichapa huko kwa bahati mbaya. Huna haja ya kuisaka. Chagua tu eneo unalotaka watu walione, kisha Page Layout > Print Area > Set Print Area. Kwangu ni A1:T90: namba, jina, simu, miezi 12, jumla, kisha kolamu nne za mkopo. Mahesabu yangu ya pembeni, kuanzia U hadi Z, hayawahusu wanachama.

Sasa weka Orientation iwe Landscape, Size iwe A4, Margins iwe Narrow. Halafu, kwenye Scale to Fit, Width iwe 1 page na Height ibaki Automatic. Hapo ndipo ulipokosea. Ulipobana kila kitu kiingie ukurasa mmoja, Excel ilipunguza herufi mpaka mistari yote nayo ikatoshea kwenda chini. Wewe unataka upana tu ubanwe, urefu uendelee ukurasa wa pili na wa tatu.

Kabla ya kutoa PDF, piga hesabu kidogo. A4 iliyolazwa ina sentimita 29.7, na ukitoa kingo hizo nyembamba unabaki na kama 28.4. Kolamu zangu zote pamoja zilikuwa sentimita 44 (fungua View > Page Layout, utaona rula juu). 28.4 kwa 44 ni kama asilimia 64, kwa hiyo herufi za 11 zinatoka kama 7. Kijana atasoma, mama yule hatasoma. Nikaificha kolamu ya simu, kwa sababu iliyofichwa haichapishwi, na namba za watu hazina kazi mkutanoni. Kisha nikapunguza kila kolamu ya mwezi kutoka sentimita 2 hadi 1.7. Upana ukashuka hadi 37.4, asilimia ikapanda hadi 75, herufi zikawa 8 na ushee. Usipunguze kupita kiasi: ukiona #### mahali pa pesa, umebana mno. Na hiyo alama uitafute kwenye PDF yenyewe, maana wakati mwingine kwenye skrini haipo.

Vichwa vya kolamu: Page Layout > Print Titles, na kwenye Rows to repeat at top andika

```
$4:$4
```

Mstari wa 1 hadi 3 kwangu ni jina la chama na mwaka, hayo yakitokea mara moja yanatosha. Ukikuta kisanduku hicho kimefifia na hakiandikiki, umepitia File > Print. Rudi upitie Page Layout.

Kama hata baada ya kupunguza bado uko chini ya asilimia 60, usilazimishe. Weka Width iwe 2 pages, na kwenye Columns to repeat at left weka `$A:$B`, ili namba na jina viifuate kila karatasi. Ila ukishatumia Width, mikato ya kurasa uliyoweka kwa mkono Excel haiifuati.

Toa kwa File > Export > Create PDF/XPS, na ndani ya Options hakikisha Ignore print areas haina alama ya tiki. Ukifika saiba, mwambie kijana achague Actual size. Wengi huacha Fit, na karatasi uliyoipimia hesabu inabanwa mara ya pili.

La mwisho lilinigharimu mimi. Wanachama wapya wawili niliwaandika mstari wa 91 na 92, chini ya eneo nililoweka, na hawakutokea kwenye karatasi. Mmoja alisimama akauliza kama pesa zake za kiingilio zimeliwa. Mpya muingize kwa Insert katikati ya orodha, juu ya mstari wa mwisho, eneo litajipanua lenyewe. Ukiwaandika chini yake, rudia Set Print Area.