Dokezo la umbo huandikwa kabla ya tafsiri

*Swali: "Natafsiri shairi la tarbia kuwa nathari ya Kiingereza, lina beti 11 na nimeshamaliza 4. Mhariri anataka dokezo fupi la kueleza umbo lake. Nitaliandika mwishoni nikishatulia. Je, liwe na urefu gani, likae mbele au nyuma?"*

Simama hapohapo kwenye ubeti wa 4. Usiguse wa 5. Hilo la "nitaliandika mwishoni" ndilo lililoniangamizia kazi nzima, na nikiona mtu analisema kwa utulivu hivyo siwezi kupita kimya.

Mimi niliambiwa na mhariri, mtu mwenye jina katika fani hii, kwamba kwa kuwa natafsiri kwa nathari, mizani na vina havinihusu. "Wewe toa maana tu, umbo tutalitilia sentensi mbili nyuma." Nikatoa maana. Shairi zima likageuka aya nzuri za Kiingereza, zikasomwa, zikasifiwa, zikapangwa kurasa. Nilipokuja kuhesabu mizani ili niandike zile sentensi mbili, nikagundua kwamba msemaji wa shairi nilikuwa nimemnyamazisha tangu ubeti wa kwanza. Aliyesema, mimi nimeandika hakusema. Kurasa zikavunjwa, gharama ya kuzipanga upya ikakatwa kwenye ujira wangu, na yule mhariri akaniuliza imekuwaje mzawa wa lugha asijue lugha yake. Hadi leo nikikumbuka nachukia, maana ushauri ulikuwa wake.

Nikuonyeshe jambo lenyewe. Shairi lile si langu kulitandaza hapa, kwa hiyo nimetunga ubeti wa mfano wenye mtego uleule:

Rafiki alipokuja, akabisha mlangoni,
Hamwambia nina haja, ingia uketi ndani,
Akajibu kwa faraja, nena yaliyo moyoni,
Deni la neno si deni, hulipwa kwa neno moja.

Tazama "hamwambia". Msomaji wa leo akiona *ha-* mwanzoni mwa kitenzi, akili inakwenda kwenye ukanushi. Anaandika kwa Kiingereza kwamba mwenyeji hakumwambia rafiki haja yake, kisha anaendelea. Aya inasomeka, tena inapendeza: mtu ana haja, anaificha, rafiki anabembeleza. Hakuna atakayeshtuka. Lakini katika Kiswahili cha pwani, na hasa katika mashairi, *nika-* hufupishwa kuwa *ha-*. "Hamwambia" ni "nikamwambia". Mwenyeji alisema, tena alisema wazi.

Sasa hesabu. Ha-mwa-mbi-a-ni-na-ha-ja: 8, kipande kimetimia. Rudisha neno kamili: ni-ka-mwa-mbi-a-ni-na-ha-ja, inakuwa 9. Hapo ndipo mizani inapokuambia kwamba neno hili limekatwa, mshairi amefanya inkisari ili kipande kikae kwenye 8. Ukishajua limekatwa, unalazimika kujiuliza limekatwa kutoka wapi. Kuhesabu peke yake hakukupi jibu, nikuambie kweli, kwa sababu hata "hakumwambia" ina silabi 5 na ingekatwa vilevile. Jibu linatoka kwenye sarufi na mtiririko. Ukanushi wa wakati uliopita hauachi *-ku-* yake kirahisi, na ukanushi wa wakati uliopo ungeishia na *-i*, "hamwambii". Kisha mshororo unaofuata unasema "akajibu". Amejibu nini kama hakuambiwa kitu? Lakini swali hilo huliulizi kama hukuhesabu. Unapita juu ya neno ukidhani umelielewa.

Ndiyo maana nasema dokezo kwanza. Si kwa ajili ya msomaji wa Kiingereza, ni kwa ajili yako. Huwezi kuandika kwa uaminifu kwamba kila kipande kina mizani 8 mpaka uwe umevihesabu vyote, na ukivihesabu vyote kila neno lililofupishwa, lililorefushwa au kupinduliwa litajitokeza lenyewe.

Fanya hivi leo. Nakili shairi lote kwa mkono, kila kipande na mstari wake, ukwapi, yaani kipande cha kwanza cha mshororo, juu na utao, kile cha pili, chini. Gawa silabi. Pembeni ya kila neno lililofupishwa andika umbo lake kamili, na kama umbo kamili linabadilisha nani anasema au jambo limetokea lini, lizungushie duara na usilitafsiri mpaka uliridhie. Kipande kikitoka 7, kwanza jichunguze mwenyewe: "mlangoni" ni m-la-ngo-ni, silabi 4, hiyo *m* inahesabiwa kwa kuwa inatamkwa peke yake, kama vile *n* ya "nchi". Lakini *mb* ya "mbuzi" haijitengi. Irabu mbili zikifuatana ni silabi mbili. Kikitoka 9, shuku chapa. Nimeona matoleo ambayo mtu mwema alisahihisha lugha, akarudisha "nikamwambia" kwa nia ya kumsaidia msomaji, na mizani ikavunjika. Kipande kilichozidi kikikutokea namna hiyo, tafuta nakala nyingine kabla hujatafsiri.

Sasa kibwagizo, maana najua utashauriwa ukifute. Mimi nilishauriwa: "Kwenye nathari marudio yanachosha, kiache ubeti wa kwanza na wa mwisho." Usithubutu. Angalia mfano tena. Mshororo wa 4 unafuata maneno ya rafiki, kwa hiyo unaposoma unadhani ni yeye anayeendelea kusema kwa ukarimu kwamba deni la neno hulipwa kwa neno. Nathari ya Kiingereza inakudai alama za kunukuu: unazifunga wapi? Kama utazifunga baada ya kibwagizo, umempa rafiki maneno yasiyo yake. Kibwagizo ni cha shairi, kinarudi kila ubeti awe anasema nani. Tuseme kwenye ubeti wa 7 mwenyeji ameahidi na hakutimiza. Maneno yaleyale, bila kubadilika hata herufi, sasa yanamchoma. Uchomaji huo unatokana na kurudi kwake tu. Kwa hiyo funga nukuu baada ya "moyoni", kisha kibwagizo kiwe sentensi yake yenyewe mwishoni mwa aya, kwa maneno yaleyale ya Kiingereza katika kila aya. Ukibadilisha neno moja ili kupamba, msomaji hatajua kwamba asilia haikubadilika.

Na kwenye dokezo, tafadhali, usiandike tu kwamba shairi "lina mizani na vina". Msomaji wa Kiingereza akisikia mizani anafikiria mpigo wa mkazo, silabi nzito na nyepesi zikipishana. Yetu ni hesabu ya silabi. Akisikia vina anafikiria mlio unaoanzia kwenye irabu yenye mkazo. Kiswahili mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali kina kinakaa kwenye silabi ya mwisho yenyewe, konsonanti na irabu yake. "Mlangoni" na "ndani" kwetu vimekutana kikamilifu kwa *-ni*, ingawa irabu zenye mkazo ni tofauti. Yeye bila kuelezwa atasema mshairi amebahatisha.

Kosa lingine la madokezo ni kuonyesha vina kwa herufi za mwisho wa mshororo tu, kama wafanyavyo kwa mashairi yao. Ukifanya hivyo vina vya kati vimetoweka. Kwa mfano wetu vina ni *-ja* katikati na *-ni* mwisho katika mishororo 3, kisha kibwagizo kinavipindua: *-ni* katikati, *-ja* mwisho. Mpinduo huo ndio unaokifanya kisikike kama mlango unaofungwa, na hauonekani popote katika nathari yako, kwa hiyo ni lazima dokezo liuseme. Wala usikopeshe jina la utungo wa kigeni kwa sababu tu nao una mistari minne. Sema ni tarbia, eleza. Usilichanganye na utenzi pia: utenzi una mizani 8 kwa mshororo mzima, na kina cha mshororo wa mwisho hutembea na utungo wote. Istilahi hizi si za kubuni, Kaluta Amri Abedi alishaziweka kitabuni mwaka 1954.

Dokezo la mfano wangu ningeliandika hivi, nawe ligeuze kwa Kiingereza: "Shairi hili ni tarbia, yaani kila ubeti una mishororo minne. Kila mshororo una silabi 16, na kituo baada ya silabi ya 8. Kinachohesabiwa ni silabi, si mkazo. Mishororo mitatu ya kwanza inashirikiana silabi moja mwishoni mwa nusu ya kwanza na nyingine mwishoni mwa nusu ya pili. Wa nne huzipindua, na hurudi bila kubadilika katika kila ubeti. Tafsiri hii imefuata maana na imehifadhi marudio hayo, lakini haikuhifadhi hesabu wala vina. Ubeti wa kwanza umechapwa hapa kwa Kiswahili ili msomaji ajihesabie." Kisha ubeti wenyewe, vipande vimetengwa kwa nafasi, vina vimekolezwa wino.

Ubeti huo usikubali ufutwe kwa kisingizio cha nafasi. Bila huo dokezo ni madai matupu.

Kama vina vya shairi lako vinabadilika ubeti hadi ubeti, liite ukaraguni; kama vinabaki vilevile mwanzo hadi mwisho, ni mtiririko; kama kimoja kinabaki na kingine kinabadilika, ni ukara. Hilo nalo hulijui mpaka uzipitie beti zote 11, na wewe umepitia 4.

Rudi kwenye hizo 4 kabla hujalala. Anza na kila kitenzi kinachoanza na *ha-* au *ka-*: "kamwona" inaweza kuwa "nikamwona" au "akamwona", na Kiingereza hakitakuruhusu kukwepa kuchagua. Ukikwama kwenye mshororo wowote uweke hapa pamoja na ule ulioutangulia na ule unaoufuata, tuuhesabu.