Kubuni kigingi cha mwani kwa kuiga kombe na mkoko

Swali: Kaka mtaalamu, mimi na wenzangu tunalima mwani Mlingotini, Bagamoyo. Kusi likivuma vigingi vinang'oka na kamba zinasombwa. Nimesikia watu wanabuni bidhaa mpya kwa kuiga viumbe. Tunataka kubuni kigingi chetu, tukiuze hata vijiji vingine. Tuangalie kiumbe gani?

Jibu: Dada yangu, kabla ya kutafuta kiumbe, vikagueni kwanza vigingi vilivyoshindwa. Maji yakipwa, piteni shambani. Mkikuta kigingi kimetoka kizima na tundu lake limejifukia, hicho kimevutwa kwenda juu. Kikiwa kimelala na mchanga umechimbika pande zote za shina lake, hicho kimeyumbishwa: kamba ilikivuta huku na huku, maji yakapenya pembeni yake, mchanga ukalegea. Na kikiwa kimekatika usawa wa mchanga, tazameni mbao. Mkiona vijitundu, imeliwa na wadudu wa baharini, na umbo jipya halitasaidia kitu hapo. Badilisheni aina ya mti.

Hizo aina mbili za mwanzo ni maswali mawili tofauti ya kuyauliza maumbile.

La kwanza: nani huingia mchangani kwa urahisi lakini akishaingia hang'oki? Jibu ni kombe. Hupenyeza mguu wake chini ukiwa mwembamba, kisha huujaza damu mpaka unavimba na kuwa nanga, halafu huvuta gamba kuufuata. Watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walimchunguza kombe mrefu mwembamba wa pwani ya Atlantiki. Misuli yake huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 1. Gamba lake likisukumwa tu kwa nguvu hiyo, huzama sentimeta 1 au 2, lakini yeye mwenyewe hufika hadi sentimeta 70. Siri ni kwamba hufunga gamba kwa ghafla, maji yanavutwa kuelekea kwake, na mchanga unaomzunguka unakuwa mwepesi kama uji. Watafiti hao wakaunda mashine ya kuchimba inayoiga mwendo huo.

Ninyi hamhitaji mashine. Vueni damu, misuli na gamba, mbaki na kanuni: *ingia ukiwa mwembamba, panuka ukiwa chini.* Sasa mnaweza kuichora kwa vifaa mlivyo navyo. Chukueni kipande cha mti mgumu, mkifunge kamba katikati. Kizamisheni kwa wima kwa kutumia mtaimbo, mpaka sentimeta 50 hivi, toeni mtaimbo, kisha vuteni kamba. Kipande kitageuka na kulala mlalo chini ya mchanga. Fungeni pia kamba ya pili kwenye ncha yake ya juu, ili siku ya kukitoa mvute hiyo nacho kitoke kwa wima kama kilivyoingia.

Nanga za nchi kavu za kujigeuza namna hii zipo sokoni tayari, kwa hiyo msidai mmezivumbua. Upya wenu uko kwenye kamba ya kutolea, bei, na kipimo kinachofaa mchanga wenu. Hapo ndipo ningeweka nguvu.

Swali la pili: nani husimama kwenye tope laini bila kuyumba? Mkoko. Hautegemei mzizi mmoja mrefu wa kwenda chini. Hutoa mizizi ya pembeni kutoka shinani, ikatua mbali na kugawana mzigo. Kwa kigingi, hiyo ni miguu miwili mifupi ya kuegemeza, iliyopigwa upande ambao kamba inavutia. (Umbo ndilo la kuiga. Mikoko yenyewe msiikate; inalindwa kisheria.)

Sasa kupima, maana wengi hukosea hapa kwa kuvuta kwenda juu wakati kamba ya mwani huvuta zaidi kwa upande. Pigeni kigingi cha kawaida, cha kombe na cha mkoko sehemu moja, kina kimoja. Fungeni mzani wa kuning'iniza kwenye kamba, kimo kilekile mnachofungia mwani, mvute kwa upande, kisha kwa kulinganisha mvute na kwenda juu. Andikeni kilo zilizosomeka kigingi kiliposogea sentimeta 5. Msiamini kipimo cha siku ya kwanza, kwa sababu mchanga uliotibuliwa bado ni legevu. Viacheni toka bamvua moja hadi bamvua inayofuata, kama wiki mbili, mpime tena.

Cha kombe kikishinda kwa kuvutwa juu lakini kikawa sawa na cha kawaida kwa kuvutwa upande, basi kwa shamba lenu jibu ni mkoko, na cha kombe kitafaa zaidi kwa wanaofunga maboya kwenye maji ya kina.