Kwapa hadi kwapa ni nusu ya shati tu: zidisha mara mbili kabla hujalipa

"Nataka kuagiza shati la arusi mtandaoni, niletewe huku Kisauni. Langu linalonitosha nimelilaza kitandani, nikapima kwapa hadi kwapa, nikapata inchi 21. Jedwali lao linaanzia 36 hadi 46. Muuzaji kasema kwa 21 nichukue ile ndogo kabisa, 36. Ni sawa? Na suruali je? Na nikilipa kabla mzigo kufika, kuna usalama?"

Usiilipie hiyo 36. Utaletewa shati ambalo vifungo havitakutana kifuani, na arusi ishafika.

Shati lina mbele na nyuma. Ukililaza, tepu inapita juu ya upande wa mbele peke yake. Nyuma iko chini yake na haijahesabiwa. Jedwali lenye 36, 38, 40 linataja mzunguko mzima wa kifua. Kwa hiyo 21 yako ni 42, na wala 21 haina haja ya kutafutwa kwenye hilo jedwali, maana haimo. Muuzaji anayeona nambari haimo kisha akakusukumia saizi iliyo karibu nayo anataka pesa iingie tu. Hii inaudhi kweli, kwa sababu hasara ya kurudisha mzigo anaibeba mnunuzi, na muuzaji ndiye aliyekuwa na wajibu wa kujua anachouza.

Lakini usikimbilie 42 pia. Hapa ndipo wengi waliokwisha kuzidisha wanapokwama. Hiyo 42 ni mzunguko wa nguo, si wa mwili wako. Shati la kuvaliwa kawaida huachwa na nafasi ya kupumulia na kuinua mikono, mara nyingi inchi 4 hivi, kidogo zaidi kwa lililo pana na pungufu kwa la kubana. Mwambie mtu akuzungushie tepu kifuani, chini ya makwapa, mikono ikiwa imeshuka. Tuseme inasoma 38. Sasa rudi kwenye jedwali usome kichwa chake. Likisema ni kipimo cha mwili, saizi yako ni 38. Likisema ni kipimo cha nguo, saizi yako ni 42. Shati ni lile lile, majedwali ni mawili. Ile 36 haikufai kokote: kwenye jedwali la mwili utapata shati la mzunguko wa 40 hivi, litakalokubana, kwenye jedwali la nguo, shati lenyewe ni dogo kuliko kifua chako kwa inchi 2.

Halafu hilo la kupimia kitandani. Godoro linabonyea, shati linafuata bonde, na tepu inadanganya. Lilaze sakafuni au mezani, ufunge vifungo vyote, upapase makunjo yaishe bila kuvuta kitambaa. Weka ncha ya tepu inchi 1 chini ya mshono wa kwapa, uivushe sawasawa mpaka mkunjo wa upande wa pili. Mshono wa ubavuni ukisogea kidogo mbele usihangaike nao, pima kutoka mkunjo hadi mkunjo, duara ni lile lile. Ukikosea nusu inchi hapo, baada ya kuzidisha umekosea inchi nzima. Saizi hizo zimeachana kwa inchi 2, kwa hiyo kosa la inchi 1 shati likiwa limelala linakuhamisha saizi nzima. Pima tena hiyo 21 kabla ya kuiamini. Na angalia ni upande gani wa tepu unaosoma: 21 ya inchi ni sentimita 53, na kuna majedwali ya sentimita yanayoandika 53 kwa maana ya upana wa nguo iliyolazwa. Jedwali la shati la mtu mzima likiwa na nambari za hamsini-hamsini kwenye kifua, hilo limeshagawanya kwa mbili, na hapo huzidishi.

Kinachozunguka mwili ndicho kinachozidishwa: kifua, kiuno, nyonga, paja. Kiuno cha suruali basi ni hivyo hivyo, funga kifungo, ulaze, uzidishe. Urefu wa shati, mabega na urefu wa mkono viachwe kama vilivyo.

Na kuhusu kulipa kabla mzigo kufika, kwanza mwambie muuzaji alaze lile shati analosema ni lako, aweke tepu kwapa hadi kwapa, akupigie picha nambari zikisomeka. Tepu ikisoma 21 au karibu yake, ndilo. Ikisoma 18, hilo ni shati la mzunguko wa 36, hata kitambulisho cha kolani kiwe kimeandikwa nini.