Saikosisi ya bangi au skizofrenia: namna ya kutofautisha, na ratiba ya kumfuatilia mgonjwa

"Habari wakuu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22 na anavuta bangi. Tangu mwezi uliopita anasikia sauti na anasema majirani wanamrekodi. Hospitali ya kwanza walisema ni bangi tu, akiacha atapona. Ya pili wamesema ni skizofrenia. Tumwamini nani, na tumfuatilie vipi?"

Ndugu yangu, pole kwa mnayopitia. Ninafanya kazi katika kliniki ya afya ya akili ya mkoa mmoja wa pwani, na swali hili huletwa kwetu na familia karibu kila wiki. Ninavyoona mimi, hakuna hospitali iliyowadanganya; zote mbili zimetoa jibu mapema mno. Katika siku za mwanzo, kijana aliyechanganyikiwa kwa sababu ya bangi na kijana anayeanza skizofrenia wanaweza kusikia sauti zilezile, kuwashuku majirani walewale na kukosa usingizi kwa namna ileile, kiasi kwamba kumtazama tu hakutoshi kuwatenganisha. Kinachowatenganisha ni mpangilio wa matukio: dalili zilianza lini, matumizi yalianza lini, na dalili zinafanya nini pale matumizi yanapokoma kwelikweli.

Kabla ya kufika hapo, kuna jambo moja ambalo halipaswi kurukwa, nalo ni kuhakikisha kwamba si ugonjwa wa mwili uliofika kwenye ubongo. Tunampima mgonjwa joto, sukari ya damu, malaria, kaswende na virusi vya UKIMWI, tunauliza kama amewahi kuanguka kifafa au kuumia kichwa, na tunajaribu umakini wake kwa kumwomba ataje siku za wiki kinyumenyume. Mwenye saikosisi, yaani anayesikia au kuamini mambo yasiyokuwepo, hata awe na hofu kubwa, kwa kawaida anajua yuko wapi na leo ni siku gani. Anayeweweseka, ambaye saa moja anakujibu vizuri na saa inayofuata hajui yuko wapi, au anayeona wadudu ukutani huku ana homa, huyo anahitaji daktari wa magonjwa ya ndani usiku huohuo, bangi iwepo au isiwepo.

Sasa kuhusu muda, ambao ndio asili ya majibu mawili mliyopewa. Toleo la 10 la uainishaji wa magonjwa la Shirika la Afya Duniani linasema saikosisi itokanayo na kilevi huanza wakati wa matumizi au ndani ya wiki 2 baada yake, hudumu zaidi ya saa 48, na haizidi miezi 6. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaweka mpaka mfupi zaidi: dalili zikiendelea kwa takriban mwezi 1 baada ya kuacha, daktari aanze kufikiria ugonjwa unaojitegemea, usioletwa na kilevi. Tena, kwa Shirika la Afya Duniani dalili za mwezi 1 zinatosha kuita hali skizofrenia, ilhali Wamarekani wanataka miezi 6. Kwa hiyo madaktari wawili waaminifu, wakimwona kijana mmoja katika wiki ya tano, wanaweza kuandika majina mawili tofauti bila yeyote kati yao kuwa mzembe.

Nitaeleza mgonjwa mmoja, nikiwa nimebadilisha mambo yanayoweza kumtambulisha. Alikuwa dereva wa bodaboda wa miaka 23, aliletwa na shangazi yake kwa kuwa aliacha kupakia abiria akiamini wametumwa kumpeleleza. Alikuwa akisikia wanaume wawili wakijadiliana kila anachofanya: "Sasa anavua viatu, sasa anakunywa maji." Alikuwa amevuta bangi kila siku kwa zaidi ya mwaka, na usiku wa kazi alitafuna mirungi ili asisinzie. Vipimo vya mwili vilikuwa salama, na aliitaja tarehe bila kusita. Kwenye faili, daktari wa zamu aliandika saikosisi ya kilevi, na kwa usiku ule yalikuwa maandishi ya busara.

Kesho yake tulikaa na shangazi na dada wa mgonjwa tukachora mistari miwili kwenye karatasi moja, wa juu wa matumizi na wa chini wa dalili, tukitumia Ramadhani, mitihani na misiba ya ukoo kama alama, kwa sababu watu wachache hukumbuka tarehe. Mstari wa chini ndio uliotushtua. Miezi mingi kabla ya bangi ya kila siku, kijana alikuwa ameacha timu yake ya mpira, ameacha kuoga mpaka asukumwe, na alikuwa akitoka nje usiku kuuliza nani anaongea nyuma ya nyumba. Dada akaongeza jambo ambalo hakudhani lina maana: familia iliwahi kumpeleka kwa mganga kijijini, akakaa huko wiki kadhaa bila bangi wala mirungi, na katika muda wote huo aliendelea kujibizana na watu wasioonekana. Kwetu kipindi kile kilikuwa na uzito kuliko kipimo chochote cha maabara, kwa kuwa kilionyesha dalili zikiishi zenyewe bila kilevi. (Tuliuliza pia kama alipewa dawa za kunywa kule, maana baadhi ya mitishamba huchanganya akili, alipewa ubani wa kufukiza tu.)

Hata hivyo hatukubadilisha jina la ugonjwa siku hiyo, kwa sababu kumbukumbu za familia hupindika pale mtu anapotafuta chanzo cha balaa. Tulimlaza, tukampa diazepamu usiku wa kwanza ili alale, kisha dawa ya saikosisi, risperidoni, miligramu 2, baadaye 4. Kufikia mwisho wa wiki ya kwanza hofu ilikuwa imeshuka na alikuwa analala. Wiki ya nne sauti zilikuwa zimepungua ukali lakini zilikuwepo, uso wake haukuonyesha furaha wala huzuni hata mama yake alipomtembelea, na maneno yake yalikuwa machache na makavu. Hapo ndipo tulipoandika skizofrenia, tukiweka utumiaji wa bangi kando yake kama tatizo la pili linalohitaji tiba yake.

Mlinganishe na kijana mwingine, asiye na historia yoyote ya kujitenga, aliyetafuna mirungi siku tatu mfululizo bila kulala na kufika akiwa amejificha chini ya benchi. Alilala, akala, na ndani ya wiki mbili alikuwa anashangaa mwenyewe aliyoyaamini. Dalili zake zilianza juu ya matumizi na kuzimika pamoja nayo.

Kuhusu kipimo cha mkojo, ninaomba msikipe kazi isiyo yake. Mkojo ukionyesha bangi, unathibitisha kwamba alitumia, si kwamba bangi ndiyo iliyoleta ugonjwa. Watu wenye skizofrenia nao huvuta, na wengi wao. Kwa aliyekuwa akivuta kila siku, kipimo kinaweza kuendelea kuonyesha bangi kwa mwezi mzima baada ya kuacha, hivyo msimshutumu kwa sababu ya jibu la wiki ya pili. Jibu lenye maana ni lile linalogeuka: likiwa limeshakuwa safi kisha likarudi, ametumia tena. Mirungi haitegemewi kuonekana kwenye vipimo vya kawaida vya vijiti, kwa hiyo jibu safi halimaanishi hajatafuna.

Kuna ugumu mmoja ambao lazima niuseme wazi. Wagonjwa wengi hupewa dawa ya saikosisi siku ileile wanapoacha bangi, na wakipona ndani ya wiki tatu, hakuna anayeweza kuapa kilichowaponya ni dawa au ni kuacha. Ndiyo maana kupona mapema peke yake hakuondoi uwezekano wa skizofrenia, na ndiyo maana ufuatiliaji ni sehemu ya uchunguzi wenyewe. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia sajili za taifa, ulikuta kwamba takriban theluthi moja ya waliopewa jina la saikosisi ya kilevi walikuja kupewa jina la skizofrenia au ugonjwa wa hisia za kupanda na kushuka. Kwa waliotumia bangi ilikuwa karibu nusu. Katika waliofikia skizofrenia, nusu walifika ndani ya miaka 3 hivi, na waliobaki baadaye zaidi. Hawa walikuwa watu ambao hali yao iliwafikisha hospitali, si kila mvutaji, lakini mdogo wako yuko katika kundi lao.

Kwa hiyo ratiba tunayoitumia ni hii. Mwezi wa kwanza aonwe kila wiki, akiwa na ndugu mmoja yuleyule anayeishi naye. Katika wiki hizi tunatafuta zaidi madhara ya dawa: shingo kukakamaa au macho kugeukia juu, ambayo familia nyingi huyadhani majini na ambayo hutulia kwa dawa ya benzeksoli, na kutotulia miguu, mtu akishindwa kukaa hata dakika chache, jambo linaloweza kudhaniwa ni ugonjwa kurudi na kusababisha dozi kuongezwa badala ya kupunguzwa. Uzito, shinikizo la damu na sukari vipimwe kabla ya dawa au mapema iwezekanavyo, kisha mwezi wa tatu, kisha kila mwaka.

Wiki ya nne ni kituo cha uamuzi wa kwanza. Ikiwa hajatumia na dalili zimeisha, jina la saikosisi ya kilevi linabaki, dawa inapunguzwa taratibu na daktari katika wiki zinazofuata, na anaonwa kila wiki 2 wakati dozi inashuka, kwa sababu hapo ndipo dawa inapoacha kuficha kitu. Ikiwa hajatumia na dalili zipo, anatibiwa kama mwenye ugonjwa unaojitegemea, na dawa iendelee angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha kabisa. Ikiwa ameendelea kutumia, uamuzi hauwezekani bado. Hatumfukuzi wala hatubahatishi jina, tunatibu dalili, tunatibu utumiaji, na saa inaanza kuhesabu upya siku atakapoacha.

Baada ya hapo ni kila mwezi hadi mwezi wa sita, ambapo mistari ile miwili huchorwa upya kuanzia mwanzo, kisha kila baada ya miezi 3 hadi mwaka wa pili utimie, na mara mbili kwa mwaka katika wa tatu, hata kama amerudi kazini na anaonekana mzima. Kwa upande wenu nyumbani, nunueni daftari moja. Kila Jumapili andikeni amelala saa ngapi, ameoga na kula mwenyewe au kwa kusukumwa, ameongea na nani, mnajua au mnashuku ametumia nini, na maneno yake mwenyewe kuhusu sauti, bila kuyapamba. Akisema sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, akikataa maji na chakula, akipata homa na mwili kukakamaa wakati anatumia dawa, au akisema maisha hayana maana sasa kwa kuwa amejua anaumwa, msisubiri tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kwa sasa, kabla ya kwenda popote pengine, kaeni na mtu aliyeishi naye miaka miwili iliyopita, mchore mistari hiyo, kisha mpeleke karatasi hiyo kwa daktari mmoja atakayebaki naye. Mkikuta kipindi chochote ambacho hakuvuta, hata cha wiki tatu za safari au za ugonjwa mwingine, mkizungushie duara na muulize kila aliyekuwa karibu naye wakati huo alikuwaje.