Kuchagua mtiririko wa kubuni, banio na bomba la shinikizo kwa mto mdogo wa Kasese

Swali: "Tunataka kujenga mtambo mdogo wa umeme wa maji kwenye mteremko wa Rwenzori, kwa ajili ya senta yetu na kiwanda cha kukoboa kahawa. Mchoro wa muda wa mtiririko tunao. Mshauri mmoja anasema tutumie Q40, mwingine Q80. Tumfuate yupi, na banio na bomba vikadiriwe vipi kutokana na jibu hilo?"

Ndugu, kabla ya kuchagua nambari, uliza mchoro wenyewe umetoka wapi. Ikiwa ni wa mto jirani, ukapunguzwa au kuongezwa kwa uwiano wa eneo la bonde, uwe na shaka nao. Rwenzori mvua hubadilika sana kulingana na kimo, kwa hiyo mabonde mawili yenye ukubwa sawa yanaweza kutoa maji tofauti kabisa. Katika mradi niliofanya kazi upande huo, tulipima mto papo hapo kwenye eneo la banio wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, kisha tena Juni na Julai, tukalinganisha vipimo na mkia wa mchoro. Vipimo vikiangukia chini ya Q95, yaani kiasi ambacho mto hukifikia au kukipita kwa asilimia 95 ya siku za mwaka, wiki baada ya wiki katika mwaka ambao si wa ukame, ujue mkia umechorwa kwa matumaini.

Mchoro tulioufanyia kazi, nikizungusha nambari, ulikuwa hivi kwa mita za ujazo kwa sekunde: Q20 ilikuwa 2.4, Q40 ilikuwa 1.5, Q60 ilikuwa 1.0 na Q80 ilikuwa 0.66. Maana ya Q40 ni kwamba mto hubeba kiasi hicho au zaidi kwa asilimia 40 ya siku za mwaka. Jambo la kwanza ni kutoa maji yanayobaki mtoni, ambayo kwa kibali chetu yalikuwa 0.3. Kiasi hiki hutolewa kwenye kila nukta ya mchoro kabla ya hesabu nyingine yoyote. Wengi hukitoa mwishoni, kwenye jumla ya mwaka, na hapo hawaoni kwamba kinaumiza zaidi kiangazi, siku ambazo senta haina umeme wa akiba.

Baada ya kukitoa, Q60 inaruhusu turbini ya 0.7, Q40 inaruhusu 1.2, na Q20 inaruhusu 2.1. Ukijumlisha eneo lililo chini ya mchoro, ukikata juu kwa uwezo wa turbini, wastani wa maji yanayopita kwa mwaka ni karibu 0.57, 0.81 na 1.07. Kuruka kutoka 1.2 hadi 2.1 ni kukuza banio, bomba na turbini kwa robo tatu ili kupata theluthi moja tu ya maji zaidi. Hata theluthi hiyo inategemea aina ya mashine. Turbini moja ya Fransisi haifanyi kazi vizuri chini ya takriban asilimia 40 ya uwezo wake, kwa 2.1 ina maana ya kusimama maji ya turbini yanapopungua chini ya 0.84, yaani karibu nusu ya mwaka, na wastani hushuka hadi 0.88. Turbini ya krosfloo ya 1.2 yenye vyumba viwili huendelea hadi karibu 0.24 na hubaki na wastani wa 0.80. Hatukuona sababu ya kulipia tofauti hiyo ndogo, tukachukua 1.2. Q80 tuliikataa kwa sababu turbini ya 0.36 ingeacha mtoni sehemu kubwa ya maji ya misimu ya mvua. Yule mshauri wako wa pili angekuwa sahihi kama mngehitaji nguvu ya uhakika kwa siku nyingi zaidi za mwaka, bila dizeli wala gridi ya kusaidia.

Kimo cha kushuka kwa maji kilikuwa mita 62 na bomba la chuma mita 310. Hapa mchoro huo huo hutumika tena, na ndipo niliposhangaa kuona watu wakiuacha kando. Msuguano hupanda kwa mraba wa mtiririko, kwa hiyo nguvu inayopotea hupanda kwa mchemraba wake. Kwa kipenyo cha mm 700 tulikadiria upotevu wa mita 4.0 turbini ikiwa imejaa. Kwa mm 800, mita 2.1. Mtu akizidisha tofauti hiyo kwa saa zote za mwaka atapata megawati-saa 137 za kuokolewa. Lakini bomba limejaa kwa asilimia 40 tu ya muda, na mto ukishuka hadi nusu ya mtiririko wa kubuni upotevu ni robo. Hesabu iliyopimwa kwa mchoro ilitoa takriban megawati-saa 71. Hata hizo zilitosha kulipia tani nne na nusu za chuma cha ziada. Kutoka mm 800 kwenda 900 ziliongezeka 36 tu, nyingi zikiwa za msimu wa mvua usiku, ambapo gridi yetu ndogo haikuwa na mnunuzi. Tulibaki na 800. Kwa ufanisi wa jumla wa asilimia 70, nguvu ikawa karibu kilowati 490.

Unene wa bomba haukuamuliwa na shinikizo la maji. Kwa kufunga turbini taratibu kwa sekunde 6, pigo la maji huongeza kama mita 14, na chuma cha mm 2.5 kingehimili. Tuliweka mm 6. Chujio la banio likizibwa na majani, maji yanayoendelea kushuka huacha ombwe ndani ya bomba, na ukuta mwembamba wa kipenyo hicho hujikunja kama kopo la bati. Mm 6 huhimili ombwe kamili hata baada ya kutu kula milimita moja. Bado tuliweka bomba la hewa mara baada ya lango, kwa sababu ni la bei nafuu.

Kuhusu banio, tundu la maji ya mto liwe chini ya kizingiti cha chujio, bila lango la kufungwa, ili kiangazi mto upate haki yake kabla ya turbini. Kwa 0.3 na kina cha mita 0.8 juu ya kitovu chake, tundu la mita 0.25 kwa 0.5 linatosha. Bwawa la kutuliza mchanga tulilipima kwa 1.2 na chembe za mm 0.3, zinazozama kwa takriban mita 0.04 kwa sekunde. Eneo la nadharia ni mita za mraba 30, tukalifanya 60 kwa sababu maji hayatulii kama kwenye kitabu.

Mchoro hausemi lolote kuhusu mafuriko. Vipimo vyake ni vya wastani wa siku, na wimbi lililopita usiku kwa saa mbili halimo. Mto Nyamwamba, Mei 2013, ulibeba mawe makubwa hadi Kilembe na mji wa Kasese, ilhali mchoro wa muda ungeuonyesha kama asilimia ndogo sana upande wa kushoto. Urefu wa kuta, upana wa kizingiti na mahali pa nyumba ya mitambo vinahitaji hesabu tofauti ya mafuriko pamoja na alama za maji kwenye kingo, ambazo wazee wa kijiji wataonyesha vizuri kuliko jedwali. Mto ukiwa kwenye asilimia tano za juu za mchoro, fungeni lango la kuingiza maji na kuosha bwawa: siku hizo mchanga ndio mwingi, na uniti zinazopotea ni chache kuliko gharama ya kubadili mapanga ya turbini.