Upele nyumbani: tibuni wote usiku mmoja, kisha angalieni mkojo wa watoto

Mtoto akiletwa kwangu na vidonda vyenye magamba ya rangi ya asali mikononi na makalioni, kabla ya kugusa dawa namuuliza mama: nani mwingine nyumbani anajikuna usiku? Nimekuwa muuguzi wa watoto kwa muda mrefu, na jibu la swali hilo hunisaidia kuliko vipimo vingi.

Chukua mvulana mmoja wa miaka 7. Vidonda vyake, impetigo kwa jina la kitaalamu, vilikuwa vimetibiwa kwa antibiotiki mara mbili. Kila mara vilikauka, kisha vikarudi. Walikuwa watu wanane katika vyumba viwili, na yeye akilala kitanda kimoja na dada yake wa miaka 9. "Bibi yake naye anajikuna," mama alisema, "lakini anadai ni joto tu."

Tulimvua nguo zote, maana upele, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na vidudu vidogo sana, hupenda kujificha. Katikati ya vidole na kiunoni alikuwa na vipele vidogo; kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na vijistari vyembamba vilivyopindapinda, ambavyo ni njia anazochimba kidudu jike ndani ya ngozi ili atage mayai. Mvulana anayewashwa usiku akiwa na vipele vigumu kwenye uume, mimi sitafuti ushahidi zaidi. Mdogo wao wa miezi 5 alikuwa navyo viganjani na kwenye nyayo, kama ilivyo kawaida kwa wachanga. Muulizeni pia mgonjwa kama amekuwa akipaka krimu ya steroidi, kwa sababu hiyo hutuliza mwasho na kubadilisha sura ya vipele huku vidudu vikiendelea kuzaana.

Basi antibiotiki ilikuwa inaua bakteria, lakini kilichowafungulia mlango kilibaki. Mtoto alijikuna, ngozi ikachubuka, bakteria wakaingia tena.

Anayepata upele kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na muda huo wote anaambukiza wenzake. Ndiyo maana baba aliyeniambia yeye hana kitu naye alipewa dawa. Wote wanane walipaka krimu ya permethrini ya asilimia 5 usiku uleule, kuanzia shingoni hadi vidole vya miguu, chini ya kucha, katikati ya makalio na kitovuni. Mtoto mchanga alipakwa na kichwani na usoni, isipokuwa karibu na macho na mdomo. Dawa hukaa saa 8 hadi 14 ndipo mtu aoge. Aliyenawa mikono katikati hupakwa tena mikononi. Baada ya siku 7 wanarudia wote. Vidonge vya ivermektini ni rahisi zaidi kwa familia kubwa, lakini hatuwapi wajawazito wala watoto wenye uzito chini ya kilo 15, na shangazi yao alikuwa mjamzito.

Nguo na mashuka ya siku za karibuni yafuliwe kwa maji ya moto. Yasiyofulika yafungwe kwenye mfuko kwa siku 3 au zaidi, maana kidudu hakiishi muda mrefu nje ya mwili.

Mwasho huendelea wiki 2 hadi 4 hata vidudu vikiwa vimekufa. Msipake dawa kila siku kwa hofu, mtaunguza ngozi. Vipele vipya vikitokea baada ya muda huo, kuna mtu hakutibiwa au hakupaka vizuri.

Mvulana alichomwa sindano moja ya benzathini penisilini baada ya kuhakikisha hana mzio nayo. Aliyerudi akiwa mgonjwa ni dada yake. Vidonda vyake vilikuwa vimeshakauka, mama akavisahau, kisha asubuhi moja akaamka macho yamevimba na mkojo una rangi ya chai ya rangi. Presha yake ilikuwa juu, na kijiti cha kupima mkojo kilionyesha damu na protini. Ni kazi ya streptokoka, bakteria wa vidonda vile vya ngozi: kinga ya mwili inapopambana naye, mabaki ya mapambano hayo hunasa kwenye vichujio vya figo, mara nyingi kama wiki 3 baada ya kidonda. Antibiotiki haina uhakika wa kumzuilia hilo mtoto ambaye tayari ana vidonda, ila hupunguza bakteria wanaowafikia wengine.

Alilazwa, akapunguziwa chumvi na maji, akapewa dawa ya kuongeza mkojo hadi presha iliposhuka. Watoto wengi hupona kabisa, ingawa damu isiyoonekana kwa macho inaweza kubaki kwenye mkojo kwa miezi. Kwa hiyo rudini kupima presha na mkojo hata uvimbe ukiisha. Mtoto aliyevimba akilalamika kichwa kinamuuma sana, akihema kwa shida au akapata degedege, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.